Insha ya Takadini: mimi nimetoa 12, mwenzangu katoa 6. Mhusika, dhamira na ushahidi tunavisahihishaje?

MwlKasulu

Habari za jioni walimu wenzangu. Nipo Kasulu, nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Tumemaliza mtihani wa ndani wa kujipima na sasa tuna mabunda ya kusahihisha. Swali la riwaya limetugawa ofisini, naomba mwenye uzoefu atusaidie kabla hatujarudisha karatasi.

Swali lilikuwa hivi: "Kwa kutumia riwaya ya Takadini, onesha jinsi mhusika Sekai anavyobeba dhamira ya ujasiri wa mwanamke dhidi ya mila kandamizi. Toa hoja sita." Alama 15. Mwongozo wetu: utangulizi 2, hoja sita kila moja 2, hitimisho 1. Kwenye zile 2 za hoja, idara ilikubaliana nusu ni ya kutaja hoja, 1 ni ya ushahidi kutoka kitabuni, nusu ni ya kuunganisha ushahidi na swali.

Nimechagua karatasi moja, jina nimeliondoa. Kiini chake nakiandika kama kilivyo, makosa yake nimeyaacha:

"Kwanza, Sekai ni jasiri. Sekai alijifungua mtoto mwenye ualbino na mira za kijiji zilitaka auawe. Sekai aritoroka usiku na mtoto wake akaenda mpaka kijiji kingine arikopokelewa na mzee Chivero. Hii inaonesha kuwa jamii iache kuua watu wenye ualbino.

Pili, Sekai ana mapenzi ya dhati. Sekai alimpenda sana Takadini kwa moyo wake wote kama mama yeyote anavyompenda mtoto wake.

Tatu, Sekai ni mpinga mira. Alijua wazee wakiamua hakuna wa kubisha, na akiondoka anapoteza nyumba ya mume wake Makwati na heshima yake. Lakini alitoroka. Hii inaonesha mwanamke alikataa mira kwa vitendo, hakungoja mwanaume amtetee.

Nne, Sekai ni mvumilivu. Alikaa miaka mingi bila mtoto kwa mumewe wakati wake wenzake wana watoto. Hii inaonesha kuwa Sekai ni mvumilivu.

Tano, Sekai ni mlezi bora. Alimlea Takadini kwa Chivero wakati watu wengine walimtenga mtoto. Hii inaonesha mtoto aliyetakiwa kufa anaweza kuishi na kuwa mtu wa maana, kwa hiyo Sekai ameshinda ile mira.

Sita, watu wenye ualbino wanauawa kwenye mikoa ya Kanda ya Ziwa na hata Kigoma. Watoto wengi wameletwa Kabanga ili walindwe. Serikali ichukue hatua kali."

Utangulizi ametaja jina la riwaya na mwandishi, Ben Hanson, ila swali lenyewe hakuligusa. Hitimisho ni sentensi moja ya kurudia swali.

Mimi nimempa 12, kwa sababu mtoto huyu kitabu amekisoma na hoja zake sita zipo. Mwenzangu kampa 6, anasema amesimulia tu. Na wote wawili tumetumia mwongozo uleule.

---

KalamuNyekundu

Mwalimu, mimi hata 6 simpi. Ushahidi uko wapi hapo? Ushahidi wa kifasihi ni maneno ya kitabu yenyewe, ndani ya alama za mtajo, na ukurasa. Hapo naona masimulizi matupu. Tukiendelea kuita masimulizi ushahidi, mtu yeyote aliyesimuliwa hadithi na dada yake atafaulu fasihi.

---

MamaIpuli_Mstaafu

MwlKasulu, umefanya vizuri kuileta insha yenyewe. Wengi huuliza swali kama hili bila karatasi, tunabaki kubishana hewani. Nimefundisha Kiswahili hapa Tabora kwa miaka mingi na ugomvi wenu naujua.

Kwanza nimjibu Kalamu. Mwanangu, nusu ya unachosema ni kweli. Kazi ya nyumbani, kitabu kikiwa mezani kwake, mdai nukuu na ukurasa na usimwonee huruma. Chumba cha mtihani ni kingine. Kitabu hana, na vitabu vyote vya orodha yuko navyo kichwani tu. Ukidai maneno yenyewe utakuwa unapima kumbukumbu, na mwenye kukariri sentensi mbili za desa atamshinda aliyekisoma kitabu chote. Kwenye mtihani ushahidi ni tukio lililoshikika: nani, kafanya nini, katika hali gani, mbele ya nani. Tukio likitajwa kwa sura hiyo, mtu aliyesoma kitabu atasema ndiyo, lipo.

Ila hofu yako kuhusu masimulizi ina msingi, na ndiyo ugonjwa wa insha hii. Kitabu anakijua. Kinachomsumbua ni kwamba tukio analisimulia halafu hajui alilileta la nini. Angalia aya ya kwanza. Hoja ni ujasiri. Tukio ni kutoroka usiku na kupokelewa na Chivero, na liko sawasawa. Halafu anafunga na "jamii iache kuua watu wenye ualbino". Sasa hapo ujasiri umekwenda wapi? Ameanza na tabia ya mtu, akamalizia na wito kwa jamii. Aya hiyo ina nusu ya hoja na 1 ya ushahidi. Nusu ya kuunganisha hana. Ni 1.5.

Mnapopishana ninyi wawili, nadhani ni kwa sababu wewe unasoma tukio unaridhika, mwenzako anasoma ile sentensi ya mwisho anakasirika. Kila mmoja anaupa mwongozo jicho moja. Penseli iweke sehemu tatu pembeni mwa kila aya: H, U, M. Hoja ipo? Tiki. Ushahidi upo? Tiki. Muunganiko upo? Tiki. Ndipo ujumlishe. Usitoe alama ya aya kwa jumla jumla kwa sababu imekupendeza.

---

Baba_Zawadi_Uvinza

Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Binti yangu yuko kidato cha nne na kwenye fasihi alipewa 5 kati ya 15. Karatasi ameileta nyumbani, ina mstari mmoja mwekundu kutoka juu mpaka chini na neno "HOJA?" Mimi nimesoma insha yake nikaona ameandika kurasa tatu nzuri na mwandiko wa kupendeza. Je, naweza kwenda shuleni kudai isahihishwe upya? Na mtihani wa taifa nao unasahihishwa hivi hivi?

---

MwlKasulu

Karibu mzee wangu, shikamoo. Hapa tunazungumzia namna ya kusahihisha, lakini hata hilo lako limo humo. Kwenda kumwona mwalimu wa somo inaruhusiwa kabisa, ila nenda ukimuuliza "ni hoja ipi haikuonekana," usiende na kurasa tatu kama hoja. Wingi wa kurasa kwenye fasihi hauna alama.

Mama Ipuli, shikamoo. Hiyo ya H, U, M nimeijaribu sasa hivi kwenye karatasi hii na kweli siwezi kuitetea 12. Lakini aya ya pili na ya nne zinanisumbua.

---

MamaIpuli_Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Baba Zawadi, mstari mmoja mwekundu na neno moja haujamsaidia binti yako, hapo nakuunga mkono. Mwalimu akiandika "HOJA?" mtoto hajui kama hoja haipo, au ipo ila imefichwa katikati ya aya. Mwambie binti apigie mstari sentensi moja katika kila aya ambayo anadhani ndiyo hoja, ampelekee mwalimu. Mazungumzo yatakuwa mafupi.

Sasa aya ya pili. "Alimpenda sana kwa moyo wake wote kama mama yeyote." Kidole changu huwa nakiweka kwenye jina na kujiuliza: nikifuta "Sekai" nikaandika jina la mama wa kitabu kingine, sentensi itabaki kweli? Hii inabaki. Basi si ushahidi. Haina tukio lolote. Inapata nusu ya kutaja hoja, basi. Na hata hiyo nusu naitoa kwa kusitasita, kwa sababu mapenzi ya mama peke yake hayajibu swali. Swali limetaja mila kandamizi.

Aya ya nne ina ushahidi halali. Sekai kukaa muda mrefu bila mtoto ndani ya ndoa ya wake wengi kumo kitabuni. Lakini muunganiko wake ni "hii inaonesha kuwa Sekai ni mvumilivu", yaani amerudia hoja kwa maneno yaleyale. Kurudia hoja si kuunganisha. Angesema kwamba jamii ile ilimpima mwanamke kwa kuzaa, na yeye akasimama chini ya kipimo hicho bila kuvunjika, hapo mila ingeonekana na nusu ningempa. Kwa alivyoandika ni 1.5.

Wanafunzi huchanganya sifa ya mhusika na dhamira. Sifa ni ya Sekai: jasiri, mvumilivu. Dhamira ni jambo linalosemwa na kitabu kizima, na wahusika wengine nao wanalivuta, wengine upande huu, wengine ule. Dhamira ya kupinga mila kandamizi Sekai hasimami peke yake. Wapo wanaotaka mila ifuatwe, na yupo Chivero aliyempokea. Baadaye yupo Shingai anayempenda Takadini mtu ambaye kijiji kingemkataa. Na yupo Nhamo anayemshambulia. Mtoto akitaja hata mmoja wa hao akionesha Sekai anasukumana na nani, ameingia kwenye dhamira. Akibaki na "Sekai ni" mara sita, ameandika wasifu. Swali lenu liliuliza "anavyobeba dhamira". Kwa hiyo kuanza kila aya na "Sekai ni" siyo kosa, lakini aya lazima itoke hapo.

---

Rehema_Nzega

Mama, mimi nafundisha kidato cha tano na sita na huko tunawapokea hawa wa "Hii inaonesha kuwa". Neno hilo wamefundishwa kama muhuri. Wanalipiga kila aya hata kama hakuna kinachooneshwa. Mimi darasani nimelipiga marufuku, nawataka wamalizie aya na neno la swali lenyewe. Kwa swali hili, aya isiyokuwa na "mila" wala "mwanamke" mwishoni hurudishwa kuandikwa upya. Muda si mrefu wanazoea.

Swali langu ni la aya ya tatu. Mbona anatumia kutoroka tena? Tukio lilelile la aya ya kwanza. Sisi tuna kanuni kwamba tukio moja linalipwa mara moja. Hapo ningempa nusu ya hoja na nusu ya muunganiko, ushahidi sifuri. Jumla 1.

---

MamaIpuli_Mstaafu

Hapo ndugu yangu tunatofautiana. Ukisoma tena aya ya tatu, hajarudia alichosema ya kwanza. Ya kwanza inasema aliondoka usiku na alifika wapi. Ya tatu inasema aliondoka akijua anapoteza nini: nyumba ya Makwati, nafasi yake ya mke, na kwamba neno la wazee halina rufaa. Tukio ni moja, upande ni mwingine. Mimi nampa 2 kamili, na kwangu hiyo ndiyo aya bora kuliko zote. "Hakungoja mwanaume amtetee" hiyo sentensi haipo kwenye desa lolote nililowahi kuona. Ameifikiri mwenyewe.

---

Rehema_Nzega

Ni nzuri, sibishi. Lakini mwalimu ukiruhusu kwa huyu, kesho wa pili ataandika kutoroka mara sita: jasiri alitoroka, mvumilivu alitoroka, mpenda mtoto alitoroka. Na msahihishaji wa karatasi ya 200 usiku wa manane hana nguvu ya kupima kama upande ni mwingine. Kanuni ngumu inalinda usawa.

---

MwlKasulu

Wapo waliofanya hivyo hasa. Ninayo karatasi hapa mbele yangu yenye kutoroka mara nne.

---

MamaIpuli_Mstaafu

Basi tuseme ukweli kuhusu swali lenyewe, mwanangu, na usikasirike. Hoja sita juu ya mhusika mmoja na dhamira moja iliyobanwa namna ile ni nyingi. Jaribu wewe mwalimu kuziandika bila kurudia. Utapata kukataa mtoto asiuawe. Utapata kuacha ndoa na nyumba. Utapata safari na kichanga mgongoni. Utapata kuishi ugenini kwenye kijiji cha Masasa huku watu wakimwangalia mtoto kwa wasiwasi. Utapata malezi. Ukitaka ya sita utavuta ile miaka ya kukosa mtoto, na itabidi uivute kwa nguvu. Tatu za kwanza zote zimo ndani ya uamuzi mmoja. Kwa hiyo mtoto anayetaja kutoroka mara tatu hakukosa kusoma. Swali limemsukuma huko.

Mimi ningeliandika kwa hoja nne, kila moja alama 3: moja ya hoja, moja ya ushahidi, moja ya kuunganisha. Jumla bado ni 12. Lakini angalia kilichobadilika. Kuunganisha sasa kuna alama nzima, na nafasi ya kujaza haipo. Mwanafunzi atatumia muda kufikiri aya nne badala ya kutafuta sifa za kuongezea. Na ile hoja ya sita ya huyu mtoto, ya Kabanga, huenda isingeandikwa kabisa. Aliijaza kwa sababu alikosa ya sita.

---

Mdau_wa_Buhigwe

Kuhusu hoja ya sita nipe nafasi. Sisi huku mambo haya hatukuyasoma kwenye riwaya. Tumeona watoto wanaletwa Kabanga wakiwa wadogo. Kuna waliokaa pale bila kurudi kwao likizo kwa sababu kwao si salama. Mtoto wa Kasulu akiandika hivyo ameandika kwa uchungu wa kweli. Mnampa sifuri? Fasihi si kioo cha jamii?

---

MamaIpuli_Mstaafu

Nakuelewa, ndugu, na ninaloliandika hapa naliandika kwa heshima ya watoto wale. Lakini ndiyo, kwa swali hili ni sifuri, na sababu nitaieleza taratibu.

Ushahidi ulioombwa ni wa kitabu. Riwaya hii imewekwa kwenye jamii ya Washona, Zimbabwe, zamani, kijijini, na mila inayomtesa Sekai ni ya wazee wa jamii ile kumwona mtoto wa aina ile kuwa ni mkosi usiofaa kuishi. Yaliyotokea huku kwetu yalisukumwa na waganga na biashara ya viungo. Mtu aliyemuua mtu huku hakuwa mzee wa kijiji anayetimiza mila mbele ya wote. Alikuwa mwizi anayekuja usiku. Ukimwacha mwanafunzi achanganye hivi viwili, hajifunzi kitabu na hajifunzi hata kilichotokea kwao. Tena aya yenyewe haimtaji Sekai hata mara moja.

Ningempa alama kama swali lingesema "onesha uhalisia wa riwaya hii katika jamii ya Tanzania". Hapo angeanza na tukio la kitabu, kisha alete Kabanga kama mfano, na ingekuwa aya yenye nguvu kuliko zote darasani. MwlKasulu, usimwandikie "X" peke yake. Mwandikie pembeni: "Hili ni la maisha. Kitabuni linaanzia wapi?" Ataelewa kwamba uchungu wake haujatupwa.

---

KalamuNyekundu

Nimefuatilia. Nakubali la nukuu kwenye mtihani, ila bado nina swali. Tutajuaje kwamba tukio amelitoa kitabuni au kwenye desa? Desa nalo lina matukio.

---

Rehema_Nzega

Huwezi kujua kwa karatasi moja. Unajua kwa karatasi nyingi. Mimi nikisahihisha swali moja kwa darasa zima mfululizo, badala ya kumaliza mwanafunzi mmoja mmoja, kosa la desa linajitokeza lenyewe. Kuna mwaka karatasi kadhaa ziliandika kwamba Nhamo ndiye aliyempokea Sekai kijijini. Nhamo! Yule anayemshambulia Takadini kwa sababu ya Shingai. Kosa moja, maneno yaleyale, hata mpangilio wa sentensi ni ule ule. Nilipouliza darasani wakatoa fotokopi.

Hapo ushahidi ni sifuri kwa wote, bila kujali nani kaanza. Tukio halipo kitabuni, basi halipo. Lakini ukikuta mtu kachanganya jina la mhusika mmoja mdogo na tukio liko sawasawa, mimi nakata nusu tu. Aliyesoma anaweza kusahau jina, hasa majina haya ya Kishona ambayo masikio yetu hayajayazoea. Asichoweza kusahau ni nani alimtendea nani wema na nani ubaya.

---

MwlKasulu

Asanteni sana. Nimeipitia upya mbele ya mwenzangu, tumeweka tiki za H, U, M kila mmoja kwa penseli yake bila kuangaliana. Imekuwa hivi: aya ya kwanza 1.5, ya pili 0.5, ya tatu 2, ya nne 1.5, ya tano 2, ya sita 0. Kiini 7.5. Utangulizi 1, kwa kuwa swali hakulifafanua. Hitimisho 0.5. Jumla 9 kati ya 15. Tumepishana aya ya tatu tu. Yeye yuko na Mwalimu Rehema, anatoa 1, kwake jumla ni 8.

Kingine, nilikuwa nakata kwa "mira" na "aritoroka". Mwenzangu akasema huku kwetu r na l watoto wengi wanazibadilishana, na swali hili halina alama ya tahajia. Nyinyi mnafanyaje?

---

Rehema_Nzega

Zungushia duara, usikate. Sarufi ina sehemu yake kwenye mtihani huohuo. Ukikata tena kwenye riwaya umemtoza mara mbili kosa moja. Isipokuwa kosa linaposababisha maana ipotee, hapo unakata kwa sababu hoja haisomeki, siyo kwa sababu ya herufi.

---

Kidato4_Ujiji

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi. Kwa hiyo aya ya kwanza angemalizia vipi ili apate 2? Maana na mimi ningeandika hivyohivyo.

---

MamaIpuli_Mstaafu

Marahaba mjukuu wangu. Usiguse mwanzo, uko sawa. Badilisha mwisho tu. Rudi kwenye maneno mawili ya hoja na swali: ujasiri, na mila. Jiulize, kuondoka usiku ule kulihitaji ujasiri gani, na kulivunja nini? Andika kwa maneno yako, kwa mfano: "Kutoroka peke yake usiku na kichanga, akijua mila imekwisha kumhukumu mtoto huyo, kunaonesha kwamba Sekai hakuogopa kuvunja uamuzi wa jamii nzima ili kumwokoa mwanawe." Humo mna ujasiri, mna mila, na mna tukio. Lile la "jamii iache kuua" liweke kwenye hitimisho, ndipo mahali pake.

Lakini usiikariri hiyo sentensi. Nikiiona kwenye karatasi kumi nitajua imetoka wapi.

---

Kidato4_Ujiji

Nimeelewa bibi. Na ile ya pili, ya mapenzi?

---

MamaIpuli_Mstaafu

Hiyo fungua kitabu mwenyewe. Tafuta mahali ambapo kumpenda Takadini kunamgharimu Sekai kitu, au kunamgombanisha na mtu. Ukipata, lete hapa tuone.

---

MwlKasulu

Walimu, nimeongea na mkuu wa idara. Kwa karatasi hizi tunaendelea na hoja sita kwa sababu mwongozo ulishapitishwa, ila mtihani ujao swali la mhusika mmoja litakuwa na hoja nne. Kabla ya kuanza kusahihisha tutakaa wote na karatasi tano zilezile, kila mtu atoe alama zake, ndipo tufungue mabunda.

La tukio moja kutumika mara mbili bado halijaisha ofisini. Mimi niko na Mama Ipuli, mwenzangu yuko na Mwalimu Rehema. Kwa sasa tumeandika kwenye mwongozo: tukio linalipwa tena pale tu aya ya pili inapoleta jambo la kitabuni ambalo aya ya kwanza haikulitaja.

---

Rehema_Nzega

Hiyo naweza kuishi nayo, ila andikeni mfano kabisa chini yake. Wekeni aya ya kwanza na ya tatu za huyu mtoto, na chini yake ile karatasi yenye kutoroka mara nne. Bila mfano, kila msahihishaji ataisoma kivyake na mtarudi kwenye 12 na 6.